Shhh ya utepe imenikesha

Jana nimekesha na faili la wimbo lisilo na jina wala mwaka. Mkwaruzo ulikuwa unapiga tik, tik, kila sekunde 1.8. Hiyo ni santuri ya mizunguko 33 na kidogo kwa dakika, kwa hiyo santuri yenyewe huenda si ya kabla ya 1948, mwaka santuri za mwendo huo zilipoanza kuenea madukani. Chini yake kuna shhh ya utepe wa kurekodia. Wimbo ulipoisha shhh ikakatika, tik zikaendelea. Basi shhh ilitoka studio, si kwenye mashine iliyoinakili santuri. Nikageuza mawimbi ya chaneli moja juu chini, nikazijumlisha chaneli zote mbili: mwimbaji akapotea kabisa, ikabaki mikwaruzo tu. Mono tupu, sauti ileile kushoto na kulia! Ila mono haifungi mjadala, maana ilidumu hata baada ya santuri za stirio kuingia sokoni 1958. Nimeandika “1950 hadi katikati ya 60, labda”, nikalala.