Vidole Vinane vya Mwalimu

Mwalimu wetu wa Kiswahili tumemzika. Nimekaa na kalamu kumtungia ubeti mmoja wa tarbia, na kila neno ninaloandika nalipima kwa vidole, kama alivyotufundisha kidato cha tatu.

Alikuwa akinyanyua mikono yote miwili na kukunja dole gumba la kila mkono. Vinabaki vidole vinane, nane za ukwapi. Ukishamaliza kipande cha kwanza unarudia vilevile kwa utao, mshororo unatimia mizani 16. Silabi moja, kidole kimoja. Kidole kikibaki, umepunja. Silabi ikikosa kidole, umezidisha. Hakupenda tuhesabu kwa macho, kwa sababu macho husoma neno zima na mizani iko kwenye sauti.

Tulipokwama sana ni kwenye M na N. Wengi tuliandika “mkono” tukahesabu mbili. Yeye alilitamka polepole, midomo ikifunga kabisa kabla ya “ko”: m-ko-no, tatu. Lakini “vumbi” ni vu-mbi, mbili, kwa kuwa M ile imeshikana na B, haina pumzi yake. Mfano wake mkubwa ulikuwa “mbuni”. Ukitaja mti wa kahawa, ni m-bu-ni, vidole vitatu. Ukitaja yule ndege asiyeruka, ni mbu-ni, viwili. Herufi ni zilezile, kwa hiyo bila kujua maana huwezi kupata hesabu. “Nchi” na “nne” alizihesabu mbili mbili. Maneno kama “daftari” na “labda”, yenye konsonanti zilizogongana, alituambia tuyakwepe tukiwa bado wageni: wapo wanaoyapima kwa silabi tatu na mbili, na wapo watunzi wanaoyapa mizani moja zaidi, hata wengine huandika “labuda” kabisa ili ubishi uishe.

Sasa ubeti wenyewe. Nimechagua kina cha kati “ni” na cha mwisho “ko”. Mshororo wa kwanza ulikuja wenyewe:

Chaki yako mkononi, ubaoni vumbi lako

Cha-ki-ya-ko-m-ko-no-ni, nane. U-ba-o-ni-vu-mbi-la-ko, nane. Wa pili ndio ulionisumbua. Nilianza na “Ulihesabu vidoleni”, sikio likakubali, vidole vikakataa: u-li-he-sa-bu-vi-do-le-ni, tisa. Hapa mwanafunzi mvivu hukimbilia inkisari na kukata neno popote. Mwalimu aliruhusu kukata pale tu ambapo lugha yenyewe hukata, kama “mwanawe” badala ya “mwana wake”. Kunyofoa silabi katikati ya kitenzi mpaka msomaji asikitambue, hiyo aliita uchinjaji. Basi nimeacha kitenzi, nikaweka nomino: “Hesabu ya vidoleni”. Nane.

Kwenye vina alikuwa mkali zaidi. “Lako” na “mwiko” vinakutana, kwani silabi ya mwisho ni ileile “ko”. “Lako” na “leo” havikutani hata kama vyote vinaishia na O. Wengi wetu tulisikiliza irabu tu, na daftari zikarudi na alama nyekundu chini ya kila neno la mwisho. Na mwiko wake mkuu ulikuwa kujazia: ukipungukiwa mizani mbili unachomeka “sana”, tatu unachomeka “jamani”. Alikuwa akilifunika neno hilo kwa kidole na kusoma mstari bila hilo. Maana isipopungua, neno linatoka na unarudi kutunga upya. Nadhani hili ndilo lililomtofautisha na walimu wengi wa ushairi, wanaoridhika hesabu ikitimia.

Mshororo wa tatu niliandika “Leo kimya darasani, hakisikiki kicheko”. Ha-ki-si-ki-ki-ki-che-ko, nane kamili, na kina kipo. Nikausoma mara ya pili nikausikia uongo wake. Mwalimu hakuwa mtu wa kucheka darasani. Aliweza kumaliza vipindi viwili mfululizo bila hata kutabasamu, na sisi tulinyamaza kwa kumwogopa. Hicho “kicheko” kililetwa na kina, hakikuletwa na yeye. Pembeni angeandika maneno yake mawili ya siku zote: “Kina kimekuvuta.” Nimekifuta.

Mshororo wa nne una “pumzika”, ambalo ni pu-m-zi-ka, nne. Ukilipa tatu, ukwapi wote unapwaya. “Wako mwiko” badala ya “mwiko wako” ni kupindua mpangilio ili kina kikae mwisho. Hilo aliliruhusu, mradi tusifanye kila mstari.

Chaki yako mkononi, ubaoni vumbi lako,
Hesabu ya vidoleni, tumerithi toka kwako,
Leo kimya darasani, sauti yako haiko,
Pumzika kwa amani, hatuvunji wako mwiko.