Nilivyoacha kuchangia kontena na kukodi zima

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mfanyabiashara asiyeweza kujaza kontena hana budi kuchangia na wenzake, akalipia nafasi yake tu. Bei ya usafiri wa baharini niliyotajiwa kwa kila mita ya ujazo ilikuwa ndogo mno, nami sikujiuliza wakala anapata faida wapi.

Shehena iliyonifumbua macho ilitoka kwa wauzaji watatu: taa mita 6 za ujazo, vioo mita 5, na bawaba za chuma mita 4. Kila muuzaji alituma kivyake. Bawaba zilikuwa na uzito wa tani 6, na katika kontena la kuchangia mtu hutozwa kwa ujazo au kwa tani, kipimo kilicho kikubwa zaidi, hivyo mita zangu 4 zikahesabiwa kuwa 6. Nilidhani nina mita 15, kumbe nalipia 17. Isitoshe, kila mzigo ulikuwa na hati yake ya shehena, kwa hiyo ada ya nyaraka, ya kutolea mzigo na ya kulifungua kontena ghalani nilizilipa mara tatu. Hapo ndipo bei ndogo ya baharini ilipofidiwa. Vioo navyo vilikaa ghalani siku kadhaa, kwa sababu nyaraka za mtu mwingine ndani ya kontena lile zilikuwa na kasoro.

Safari iliyofuata niliomba bei mbili, zote zikijumuisha gharama za bandari ya kushushia: ya kontena zima la futi 20, na ya mita moja ya kuchangia. Nikagawanya ya kwanza kwa ya pili, nikapata 12. Maana yake, mzigo unaohesabiwa zaidi ya mita 12 ulikuwa nafuu kwenye kontena zima, hata kama nusu yake ingebaki tupu, kwani kontena hilo hubeba kwa vitendo mita 26 hadi 28. Nikawaagiza wauzaji wote watatu wapeleke bidhaa kwenye ghala moja, zikapakiwa pamoja kwa hati moja ya shehena. Bawaba ziliwekwa sakafuni, zikatandazwa ili uzito usielemee upande mmoja, na vioo vikafungwa kwa mikanda visiteleze kwenye ile nafasi tupu.

Haikuwa bila adha. Muuzaji wa taa alichelewa siku 9, na mizigo ya wenzake ikadaiwa kodi ya ghala. Tena sasa kosa katika ankara ya muuzaji mmoja lingezuia mzigo wangu wote, na kontena tupu lilipaswa kurudishwa kabla siku za bure hazijaisha.

Nilipoagiza mita 3 tu za vipuri baadaye, nilirudi kuchangia, ila safari hii nilidai kwanza orodha ya ada za bandari ya kushushia kwa maandishi.