Kamba ya kiatu kwenye barua ya kazi

Jana mtoto wa kaka yangu aliniletea barua yake ya kuomba kazi kwenye kampuni ya safari. "Baba mdogo, niisomee." Mstari wa pili ulisema, "Nawapenda wanyama na nina uzoefu na wageni." Nikaikumbuka ya kwangu, ile niliyoiandika Arusha na kuichana mara tatu.

Vyeti, leseni na huduma ya kwanza nilivimaliza kwa mistari mitatu. Karatasi iliyobaki nilimpa tembo mmoja wa Tarangire.

Ilikuwa Septemba, kiangazi kimekolea. Dume yule alikuwa peke yake kando ya njia ya Silale. Kati ya jicho na sikio kulikuwa kumelowa, majimaji meusi yanashuka shavuni. Mkojo ulidondokea miguu ya nyuma, na harufu yake kali tuliipata kabla hajatukaribia. Dume wa hali hiyo anatafuta jike, na subira yake ni fupi. Nilisimama umbali wa mita 50, pua ya gari ikielekea njia iliyo wazi, injini ikiunguruma. Wengi huizima ili picha zitoke vizuri. Lakini ukija kuiwasha tembo akiwa mita 10, mlio huo ndio unaomshtua, na ikigoma kuwaka huna pa kwenda.

Akatanua masikio, akainua kichwa, akalia kwa nguvu, akaja hatua kadhaa na kusimama. Nikawaambia wageni kwa sauti ya chini wakae, mikono ndani: akifanya hivyo mara nyingi anatisha tu. Kisha akalaza masikio, akakunja mkonga chini ya kidevu, akanyamaza. Hapo hatishi tena, anakuja kweli. Kunyamaza kule ndiko nilikokuandika kwa kirefu. Sikusubiri hatua ya kwanza. Niliondoka taratibu, bila honi.

Kwenye eneo la chakula, ambako kushuka kunaruhusiwa, wageni walikuwa bado hawasemi. Nikaona unyayo wa mbele wa tembo kwenye vumbi. Nikafungua kamba zangu za viatu, nikaziunga, nikampa binti wa miaka tisa azungushe kwenye ukingo wa unyayo. Ilitoka mita 1.4. Mzingo huo ukizidishwa mara mbili unakaribia kimo cha tembo begani. Akapiga hesabu, akainua macho kuangalia paa la gari, na hapo wote wakaanza kuuliza maswali.

Kampuni iliniita. Bosi aliuliza swali moja: ulijuaje njia ya mbele ni wazi? Nilikuwa nimeipita asubuhi. Sikuwa nimeliandika hilo.

Kijana wetu hajawahi kukaribiana na tembo. Nikamuuliza amechunguza mnyama gani kwa macho yake. Akasema tumbili wa nyumbani Mto wa Mbu: wanasubiri moshi wa jiko ukatike ndipo waingie dirishani. Nimemwambia aanzie hapo, ingawa sina hakika bosi wa siku hizi atafika mstari huo.