Mwezi Mmoja, Kivu Imetulia, Bahari Inapwa

Goma, Jumamosi usiku

Mwezi mpevu ukichomoza upande wa Gisenyi, taa za wavuvi wa sambaza hupungua ziwani. Sambaza hufuata taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikishaenea juu ya maji yote, taa ya mtumbwi haiwavuti tena. Lakini maji yenyewe ya Kivu hayapandi wala hayashuki kwa kiasi ambacho jicho litakiona. Kule Mombasa, mwezi huohuo unayaondoa maji ufukweni hadi miamba inabaki wazi, kisha unayarudisha, tofauti ya zaidi ya mita 3. Kwa nini mwezi mmoja uiache Kivu imetulia na uihamishe bahari? Nimekuwa nikilitafakari swali hili kwa sababu anayelijibu vizuri anakuwa ameeleza pia kwa nini bahari ina siku za nguvu na siku za uvivu.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mwezi unayanyanyua maji moja kwa moja. Ukiwa utosini kabisa, unayapunguzia maji uzito kwa sehemu moja tu kati ya takriban milioni 9. Hapo hakuna cha kunyanyua mita 3. Kinachofanya kazi ni tofauti ya mvuto kati ya mahali na mahali. Upande wa dunia unaoutazama mwezi uko karibu nao zaidi, kwa hiyo unavutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na upande wa nyuma unavutwa kidogo kuliko kitovu. Fikiria pikipiki tatu zinazotoka Goma kwenda Sake, ya mbele ikikimbia kuliko ya kati, na ya kati kuliko ya nyuma. Aliye kwenye ile ya kati ataona mwenzake wa mbele anamwacha, na wa nyuma anabaki. Ndiyo maana maji huvimba pande mbili za dunia, upande wa mwezi na upande wa pili, na ndiyo maana pwani nyingi huona maji yakijaa mara mbili kwa siku. Kwa kuwa mwezi nao unasogea, kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Maji huvimba hivyo kwa sababu yanasukumwa kwa upande, kidogo kidogo, kwenye eneo la maelfu ya kilomita. Hapo ndipo Kivu inaposhindwa. Nguvu hiyo ya upande, inapofikia kilele chake, inaweza kuinamisha uso wa maji kwa milimita 8 hivi katika kila kilomita 100. Kivu ina urefu wa karibu kilomita 90, na upana wake hauzidi kilomita 50. Tena sisi tuko karibu na ikweta, ambako msukumo mkubwa huenda mashariki na magharibi, yaani kwenye upana. Piga hesabu: milimita 4 kutoka ukingo hadi ukingo, na hata jua likisaidia hazifiki 7. Wimbi dogo la mtumbwi unaopita linazidi hapo.

Kwa hiyo mtu wa Goma au Bukavu akisema ziwa limepanda kwa ajili ya mwezi, mwulize kama lilipanda na kushuka kila baada ya saa 12 na dakika 25. Maji ya Kivu hupanda kwa mvua za msimu, husukumwa na upepo kuelekea ncha moja, na hutoka kwa Ruzizi ambako bwawa la umeme nalo lina usemi wake. Hakuna hata kimoja kinachofuata saa ya mwezi.

Turudi baharini, kwenye siku za nguvu na za uvivu. Hapa jua linaingia, na hesabu yake inanifurahisha kila mara. Jua lina uzito wa mara milioni 27 ya ule wa mwezi, lakini liko mbali mara 390 hivi. Mvuto wa kawaida hupungua kwa umbali uliozidishwa mara mbili kwa wenyewe, kwa hiyo jua linaivuta dunia mara 180 hivi kuliko mwezi. Lakini tofauti ya mvuto, ile inayosukuma maji, hupungua haraka zaidi, kwa umbali uliozidishwa mara tatu. Gawanya milioni 27 kwa 390 × 390 × 390, utapata takriban 0.46. Mwezi mdogo unalishinda jua zaidi ya mara mbili, kwa sababu uko karibu.

Sasa upe mwezi nguvu 1 na jua 0.46. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, vyote viwili viko kwenye mstari mmoja na dunia, nguvu zinajumlishwa: 1.46. Watu wa pwani huziita siku hizo bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kwa pembe ya mraba na kuanza kujaza pale mwezi unapopunguza: 1 kutoa 0.46, inabaki 0.54. Hayo ni maji mafu. Kati ya 1.46 na 0.54 kuna mara 2.7, na Mombasa inafuata uwiano huo kwa karibu: zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, karibu mita 1 wakati wa maji mafu.

Anayetumia hesabu hii atakosea akitarajia bamvua usiku uleule wa mwezi mpevu. Bahari ni nzito na huitikia kwa kuchelewa, kwa kawaida siku moja au mbili. Mwezi ukiandama leo, bamvua halisi ni kesho au keshokutwa. Wiki moja baadaye maji mafu, kisha bamvua tena mwezi ukishapevuka. Jambo la pili ni kwamba bamvua mbili za mwezi mmoja hazilingani. Mwezi hauzunguki kwenye duara kamili: huja hadi kilomita 363,000 hivi, kisha hujitenga hadi kama 405,000. Kwa ile hesabu ya mara tatu, nguvu yake ikiwa karibu inazidi ya mbali kwa karibu asilimia 40. Mwezi mpevu ukiangukia siku za ukaribu, bamvua yake inapita ile ya mwezi mwandamo, na baada ya takriban miezi 7 zamu hubadilika.

Mfanyabiashara wa hapa anayeshuka Mombasa au Dar es Salaam anaweza kutumia jambo moja dogo. Siku za bamvua, maji kule hupwa kabisa kama saa 4 au saa 5 asubuhi, na tena usiku saa zizo hizo. Hujaa alfajiri na alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na asubuhi hiyo hukuta yamejaa kiasi. Haiwi bahati: wakati wa bamvua mwezi hupita utosini karibu na adhuhuri au usiku wa manane, na bahari ya pale huchelewa kuufuata kwa muda uleule. Akumbuke tu kwamba saa ya pwani iko mbele ya saa ya Goma kwa saa moja.