Nilivyotibu choa changu, na krimu iliyonipotezea wiki tatu

Kilianza kama kipele tu mkononi, juu kidogo ya kiwiko, nikajua mdudu kaniuma. Baada ya wiki hivi kikawa duara la ukubwa wa sarafu, katikati ngozi imeanza kurudi kawaida ila pembeni pamenyanyuka, pana magamba na vipele vidogo vidogo, ukipitisha kidole unausikia kabisa ule ukingo.

Nyumbani kulikuwa na krimu ya betamethazoni, ile ya muwasho, nikaipaka. Siku mbili tu muwasho umekata na wekundu umefifia, nikafurahi kweli. Nikiacha unarudi kwa nguvu, napaka tena, nikaenda hivyo wiki 3 mpaka duara likawa karibu sawa na kiganja na ukingo wenyewe hauonekani vizuri tena. Kumbe krimu hiyo ni steroidi, inatuliza kinga ya ngozi tu, fangasi wanaoleta choa haiwagusi, kwa hiyo wao wanazidi kutambaa huku wewe unaona unapona.

Daktari aliponiona akauliza kwanza, "Umepaka nini hapa?" Nikamwambia. Akakwangua magamba pale pembeni maana fangasi wengi wako ukingoni, akayaangalia kwa hadubini, akaona nyuzi za fangasi. "Hii ni choa, hiyo krimu usiiguse tena."

Akanipa klotrimazoli ya asilimia 1, mara 2 kwa siku kwa wiki 4. Naosha, nakausha vizuri, napaka doa lote na kupitiliza ukingo kama sentimita 2, kwa sababu fangasi wanakuwa wameshafika kwenye ngozi unayoiona nzima. Siku za mwanzo wekundu ulipanda kidogo, ni ile steroidi kuachwa. Wiki ya pili muwasho ukaisha, wiki ya tatu magamba hakuna.

Sasa hapo ndipo wengi wanaacha dawa, na mimi nilitaka kuacha, lakini alishaniambia ngozi ikishakuwa safi endelea kupaka wiki 1 hadi 2, la sivyo waliobaki wanaanza upya. Nikamaliza zote 4. Lilibaki doa jeusi, nikaogopa, ila nikipitisha kidole ni laini, hakuna ukingo wala magamba. Hiyo ni rangi tu ya ngozi, yangu imechukua miezi kufifia.

Kuna terbinafini pia, hiyo mara nyingi ni wiki 1 mpaka 2. Ila choa kikiwa kichwani au kwenye kucha krimu peke yake haitoshi, ni vidonge vya daktari tena kwa wiki nyingi. Na kama wiki 2 zimepita hujaona badiliko lolote rudi ukaangaliwe, inaweza isiwe choa kabisa.

Taulo nilitenga langu, mashuka nafua kwa maji ya moto. Paka wetu naye alikuwa na sehemu imenyonyoka manyoya sikioni, tukampeleka kwa daktari wa mifugo.