Nafasi imetangazwa tena baada ya kukukataa: barua ya kumwandikia afisa ajira Kampala

Sisi Wakenya, Watanzania na Wakongomani tunaotafuta kazi Kampala tunaliona hili mara nyingi, hasa kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi. Barua ya "tunasikitika kukujulisha" imeshafika, ukaanza kusahau, kisha nafasi ileile inatokea tena mtandaoni. Wengi hufanya moja kati ya mawili: wanatuma ombi lilelile bila kubadilisha chochote, au wanaandika barua ndefu ya malalamiko. Yote mawili huishia pabaya.

Kwanza hakikisha kwamba nafasi imefunguliwa tena kweli. Neno "Reposted" kwenye LinkedIn linakuambia tu kwamba tangazo limewekwa upya. Tovuti nyingine za ajira hunakili matangazo na kuyapa tarehe mpya bila shirika lenyewe kugusa kitu. Nenda kwenye ukurasa wa ajira wa shirika husika, utafute namba ya nafasi. Huwa juu kabisa au mwishoni mwa tangazo, na mara nyingi imo pia kwenye barua pepe uliyopokea ulipotuma maombi.

Namba ikiwa ileile, mchakato ni uleule, umeongezewa muda tu. Ukijaribu kuomba tena, mfumo unaweza kukukatalia kwamba umeshaomba. Hapo usikimbilie kuliondoa ombi la zamani ili uweke jipya, maana mifumo mingine haikuruhusu kurudi ukishajiondoa. Muulize afisa kwanza. Namba ikiwa mpya, huo ni mchakato mwingine, na karatasi zako za mwanzo zimebaki kwenye faili la zamani. Omba upya, halafu ndiyo uandike. Barua pekee haikuingizi kwenye orodha ambayo jopo linaitumia kutoa alama.

Halafu linganisha matangazo mawili mstari kwa mstari. Ndiyo maana inafaa kuhifadhi nakala ya PDF siku unayoomba, kwa sababu kurasa hizi hutoweka tarehe ya mwisho ikipita. Tazama miaka ya uzoefu, kituo cha kazi, lugha, na kama nafasi ni ya raia wa Uganda pekee. Sharti hilo la mwisho likiwepo, usipoteze wino. Mahali palipobadilika ndipo panapokuonyesha kilichowakwamisha.

Tuchukue mfano. Shirika linatafuta afisa ufuatiliaji na tathmini wa makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, wilaya ya Kikuube, ambako wakazi wengi ni Wakongomani. Tangazo la kwanza lilitaka uzoefu wa miaka 5, Kiswahili kikiwa nyongeza tu. Mwombaji ni Mkenya anayeishi Kampala mwenye uzoefu wa miaka 4. Fomu ilimuuliza kama ana haki ya kufanya kazi Uganda bila msaada wa mwajiri. Alijibu hapana, na alisema kweli, kwa kuwa kibali chake cha kazi cha sasa, cha daraja G la waajiriwa, kimefungwa kwa mwajiri aliye naye. Jibu la kukataliwa likaja usiku uleule. Kasi hiyo ni dalili kubwa kwamba hakuna mtu aliyesoma wasifu wake. Swali la mchujo ndilo lililomtupa nje.

Tangazo la pili lina namba mpya, linataka miaka 3, na Kiswahili sasa ni lazima. Kizuizi cha miaka kimeondoka chenyewe. Cha kibali kingali pale, na akiomba kimyakimya kitamrudisha tena. Hapo ndipo barua ina kazi, kwa sababu afisa anaweza kulifungua kwa mkono ombi ambalo mfumo umelisukuma pembeni. Kubadilisha jibu liwe "ndiyo" ni kujitega: siku ya mkataba wataomba nakala ya kibali, na ofa itafutwa.

Anachopaswa kueleza ni kwamba kizuizi ni kidogo kuliko kinavyoonekana kwenye fomu. Uganda haiwatozi Wakenya na Wanyarwanda ada ya kibali cha kazi. Kinachobaki kwa mwajiri ni makaratasi, kama barua ya maombi na mkataba. Mwombaji analeta vyeti vyake vya elimu na cheti cha tabia njema kutoka polisi ya kwao. Maafisa ajira wengi wanajua hili, lakini fomu haijui. Mtanzania asinakili sentensi hiyo. Aangalie ada inayomhusu, aitaje ilivyo.

Barua utaiandika kwa Kiingereza, maneno 150 yakitosha kabisa. Kichwa kiwe jina la nafasi, namba mpya na jina lako. Maudhui yake yawe hivi:

"Mpendwa Bi./Bw. …, nimeona nafasi ya afisa ufuatiliaji na tathmini, Kyangwali, imetangazwa tena, na leo nimetuma maombi mapya. Ombi langu la mwezi uliopita, namba …, halikupita mchujo. Naomba litazamwe upya kwa mambo mawili. Tangazo jipya linataka uzoefu wa miaka 3. Mimi nina 4, miwili kati yake nikikusanya takwimu za kaya kwa Kiswahili. Pili, kwenye swali la haki ya kufanya kazi nimejibu hapana kwa sababu kibali changu kimefungwa kwa mwajiri wangu wa sasa. Mimi ni raia wa Kenya, hivyo kibali kipya hakina ada, na nyaraka zangu zote ziko tayari. Naweza kuanza baada ya notisi ya siku 30. Asante kwa muda wako."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna "kwa nini mlinikataa", hakuna historia ya familia, hakuna kumfundisha afisa kazi yake. Kama ulikataliwa baada ya usaili, si kwa mchujo, barua inabadilika: taja tarehe ya usaili na jambo moja jipya ulilonalo tangu siku hiyo. Kama huna jipya, uliza tu kama bado uko kwenye orodha ya akiba.

Itume kwa anwani ya rasilimali watu iliyo kwenye tangazo, kwa mtu mmoja. Anwani isiyopokea majibu haina faida. Na hapa pana mtego: matangazo mengi ya mashirika yanasema "canvassing", yaani kutafuta upendeleo kupitia watu, itakuondoa moja kwa moja. Kuuliza kwa maandishi kuhusu ombi lako mwenyewe, kwa ofisi husika, si hilo. Lakini ukimnakilia mkurugenzi, ukimpigia binamu aliyeko ndani, au ukitokea getini ofisini kwao Muyenga ukiwa na bahasha, umeshavuka mpaka. Akitokea mtu anayekuomba pesa ili "faili lifunguliwe", huyo ni tapeli.

Tangazo likisema walioomba awali wasiombe tena, soma kwa makini. Wengine wanamaanisha kwamba ombi lako la zamani bado linahesabiwa, wengine wanamaanisha mlango umefungwa. Hapo barua yako inakuwa swali la sentensi mbili tu.

Muda nao ni mfupi. Matangazo haya mengi hufungwa ndani ya wiki mbili au chini yake, kwa hiyo iandike siku uliyoliona au kesho yake. Kumbusha mara moja, siku mbili kabla ya kufungwa. Tarehe hiyo ikipita kimya, usiandike tena kuhusu namba hiyo.