Siku moja maishani mwangu: tabibu wa watoto wanaohara damu, Tanga

Saa 1 asubuhi nimeshafunga baiskeli kwenye mwarobaini wa kituo. Foleni imeshapanga benchi zote mbili. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, hapa Tanga mjini. Watu wananiita daktari na nimechoka kuwarekebisha.

Mpaka saa 4 ni kazi ya kawaida: vikohozi, kipimo cha malaria, kidonda cha mguu. Watoto watatu wanahara maji matupu. Hao wanaondoka na chumvichumvi na vidonge vya zinki, basi. Kuhara maji kwa kawaida hakuhitaji antibayotiki, na mama mmoja anaondoka amenuna kwa sababu hakuandikiwa "dawa yenyewe".

Halafu wanaingia bibi, mjukuu wa miaka 3 mgongoni, na baba mkubwa wa mtoto nyuma yao. Nawakumbuka. Walikuja Jumatatu na leo ni Jumatano, kama nilivyowaagiza.

Jumatatu mtoto alikuwa na homa ya nyuzi 38.9, tumbo likimsokota, anajikamua na kinachotoka ni kijiko cha ute na damu. Duka la dawa la mtaani lilikuwa limeshampa kotrimoksazoli na flajili, siku mbili, bila nafuu. Sikushangaa. Shigela, bakteria anayeongoza kwa kuharisha watoto damu, ameshazoea kotrimoksazoli na ampisilini sehemu nyingi za dunia. Flajili haimgusi kabisa, kwa sababu ni dawa ya amiba. Mtoto anayehara damu tunamwanzishia antibayotiki bila kungoja maabara, na ya kwanza kwenye mwongozo wetu ni siprofloksasini, miligramu 15 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, siku 3. Huyu ana kilo 14. Hesabu inatoa miligramu 210, kwa hiyo nilimpa kidonge kimoja cha 250 asubuhi na jioni, vidonge 6 kwa jumla. Kwa kuwa alikuwa ameshashindwa na dawa moja, nilichukua pia kinyesi kabla hajameza kidonge cha kwanza, nikakipeleka maabara ya hospitali ndani ya chupa ya kusafirishia. Shigela hafiki mbali. Kinyesi kikikaa juani masaa mawili, matatu, maabara haioteshi kitu, na watu wanadhani hakuna ugonjwa.

"Shikamoo bibi. Anaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Yuko vilevile."

Vilevile ni neno pana, kwa hiyo naanza kuuliza. Baada ya masaa 48 dawa inayofanya kazi inaonekana: homa inashuka, damu inapungua, safari za chooni zinapungua, mtoto anaomba chakula. Huyu homa bado 38.7. Usiku amekwenda mara tisa, damu ipo, uji ameukataa. Macho yameanza kuingia ndani, na ngozi ya tumbo nikiifinya inarudi polepole.

Kabla sijailaumu dawa, nauliza alivyoimeza. Bibi anafungua kitambaa: kimebaki kidonge 1, cha jioni ya leo. Hesabu imekaa sawa. Alitapika? Hapana. Alimeza na nini? Maji. Na zinki? Mchana, mbali na kidonge, kama nilivyomwambia. Hapo huwa nakazania sana, kwa sababu zinki, na hata maziwa, vikikutana na siprofloksasini tumboni vinaishika na nyingi haifiki kwenye damu. Nimeshaona watoto "wenye usugu" ambao kumbe walikuwa wanameza kidonge kwa mtindi. Bibi huyu hajakosea popote. Basi ni mdudu ameshaizoea siprofloksasini.

Baba mkubwa hakubaliani. "Daktari, hii ni amiba. Mpime choo, mpe flajili ya sindano, mtundikie na dripu, tumalize."

Namwambia flajili ameshakunywa. Anasema ile ya duka ilikuwa hafifu. Namweleza kwamba amiba kwa mtoto wa umri huu ni nadra kuliko shigela, na kwamba kuona vifuko vya amiba kwenye darubini hakutoshi, maana watu wengi hutembea navyo bila kuumwa. Ili niamini, nataka kinyesi kibichi chenye amiba hai, na ndani yake chembe nyekundu za damu alizozimeza. Anatikisa kichwa. Anataja jirani aliyepona kwa flajili. Anatoka nje kupiga simu, anarudi, anaanza upya kutoka amiba. Nyuma yake foleni inaguna. Mara ya tatu bibi mwenyewe anamgeukia: "Hebu muache mwenzio afanye kazi." Ningemlipa soda.

Dripu hahitaji, kwa sababu anakunywa na hatapiki. Nampangia chumvichumvi, mililita 75 kwa kila kilo ndani ya masaa manne, yaani kama lita moja, kikombe na kijiko, bibi akimnywesha kwenye kitanda cha pembeni. Kama angekuwa amelegea, amepata degedege, ana utapiamlo mkali, au ni kichanga wa chini ya miezi miwili, ningeshaita gari. Nimeshika tumbo pia kutafuta uvimbe, kwa sababu utumbo ukijiingiza ndani ya mwenzake nao hutoa damu na ute, na huo ni wa daktari wa upasuaji.

Saa ngapi sijui, chakula cha mchana kimepita bila mimi. Nimeshaamua kubadilisha dawa. Kilichobaki ni kwenda kwenye ipi, azithromaisini ya kunywa au seftriaksoni ya sindano. Nampigia mtu wa maabara. Ananiambia subiri. Naona wagonjwa wengine sita, simu inaita.

Ni shigela fleksineri. Kotrimoksazoli: sugu. Ampisilini: sugu. Siprofloksasini: sugu. Azithromaisini na seftriaksoni zinafanya kazi.

Basi azithromaisini, maana ni ya kunywa nyumbani, mara moja kwa siku: miligramu 10 kwa kilo, siku 4. Kwake ni 140. Sirapu yetu ina 200 katika mililita 5, kwa hiyo mililita 3.5, na nampa bibi bomba la sindano lisilo na sindano, nimelichora mstari kwa kalamu. Kidonge kile kimoja nimekichukua. Mtoto amemaliza kikombe cha mwisho, amekojoa, na anamlilia bibi ampe mkate.

"Ijumaa mrudi," namwambia baba mkubwa. "Akiwa bado, ni hospitali na sindano. Hapo ndipo tutaitafuta na hiyo amiba yako."

Jioni, nikijaza rejista, mwenzangu wa zamu anauliza: kwa nini tusiache siprofloksasini kabisa, tuanze na azithromaisini kwa wote? Nimembishia, ingawa miguu inawaka. Kimelea kimoja hakibadilishi dawa ya kwanza ya mji. Maabara hutaka angalau vimelea vya wagonjwa 30 kabla ya kuandika asilimia ya usugu. Na kuna mtego: sisi tunapeleka kinyesi cha walioshindwa tu, kwa hiyo orodha yetu lazima ionyeshe usugu mkubwa kuliko ulioko mtaani. Tukikimbilia azithromaisini kwa kila mtoto, nayo itachoka, halafu tutabaki na sindano.

Tumekubaliana kuanzia kesho mtoto anayehara damu na hajameza antibayotiki yoyote naye atolewe kinyesi kabla ya kidonge cha kwanza, na rejistani tuandike kama alikuwa ameshapewa dawa dukani au la. Chupa za kusafirishia zimebaki nne. Nimeandika ombi la kisanduku kipya, nimelisaini, nikaenda kufungua baiskeli.